Sentimita Mbili na Nusu za Nyundo

Zege la bimu likishakomaa, mbao zilizolishikilia hubanduliwa. Nyingi ni za paina, na mwenye jengo anazitaka zikiwa nzima kwa sababu wiki ijayo zitafunga bimu nyingine. Hapo ndipo huanza kazi ya kung'oa misumari, na ukikaa kando ukaangalia utaona jambo linalojirudia. Kijana mwenye kifua anavuta mpini mpaka mishipa ya shingo inasimama na msumari hautoki. Anakuja mtu mzima aliyemzidi miaka na kupungukiwa nguvu, anaokota kipande cha ubao, anakisukuma chini ya kichwa cha nyundo na kuvuta. Msumari unalia, unatoka.

Ukiuliza kipande kile kimefanya nini, wengi watakujibu kwamba kimeongeza nguvu kwa kuinua nyundo. Jibu hilo lina ukweli nusu. Kuinua nyundo peke yake hakuongezi chochote. Kilichobadilika ni umbali mdogo ulio chini ya kichwa cha nyundo, umbali ambao mvutaji hauoni kwa sababu macho yake yako kwenye mpini. Makala hii inauhusu umbali huo.

Tuitazame nyundo yenyewe inapokuwa kazini. Makucha yameushika msumari chini ya kichwa chake. Mgongo wa makucha, ule uliopinda kama mwezi mchanga, umekalia mbao. Mpini umesimama. Unapouvuta mpini kuelekea upande wa uso wa kugongea, nyundo nzima inabingirika juu ya ile sehemu inayogusa mbao. Sehemu hiyo ndiyo egemeo. Kila kinachotokea kinapimwa kuanzia hapo: umbali mrefu kutoka kwenye egemeo hadi mkono wako, na umbali mfupi kutoka kwenye egemeo hadi msumari.

Mkono unajaribu kuizungusha nyundo upande mmoja, na msumari, kwa kukataa kutoka, unaizuia isizunguke. Kila upande unashindana kwa nguvu yake mara umbali wake. Kwa hiyo hesabu ni fupi: zidisha nguvu ya mkono kwa umbali mrefu, kisha gawanya kwa umbali mfupi. Unachopata ndicho kinachouvuta msumari. Kanuni hii Arkimede wa Sirakuza aliithibitisha katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi yeyote anaweza kuifanyia kazi kwa rula na mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama au magunia. Funga mizani kwenye mpini pale unaposhika, vuta kupitia mizani hiyo, na msomaji wa pili asome kilo msumari unapoanza kusogea. Ili kupata nyutoni, ambazo ndizo kipimo cha nguvu, zidisha kilo kwa 10. Hesabu kamili ni 9.8, lakini kwa kazi ya nyundo 10 inatosha.

Tuchukue sasa msumari mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Ni msumari wa inchi tatu, yaani sentimita 7.5, wenye unene wa milimita 3.75. Ulikuwa umefunga ubao wa inchi moja kwenye ubavu mwembamba wa mbao ya mbili kwa nne. Ubao umekwisha kubanduliwa, msumari umebaki umesimama. Sentimita 2.5 ziko nje na sentimita 5 zimezama ndani ya ile mbili kwa nne.

Swali la kwanza ni hili: msumari huo unang'ang'ania kwa nguvu kiasi gani? Hapa hatuna haja ya kukisia. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko mjini Madison, jimbo la Wisconsin, imechapisha katika kitabu chake cha mwongozo wa mbao kanuni iliyotokana na majaribio ya kung'oa misumari laini ya kawaida iliyopigwa ubavuni mwa mbao:

F = 54.12 × G^2.5 × D × L

F ni nguvu kwa nyutoni, D ni unene wa msumari na L ni urefu uliozama, vyote kwa milimita. G ni uzito wa mbao ukilinganishwa na wa maji. Kwa paina yetu tuchukue 0.42, maana yake mbao yenye ujazo wa lita moja ina gramu 420 ikiwa kavu. Ukiingiza tarakimu hizo, unapata karibu nyutoni 1,160. Hiyo ni sawa na kumning'iniza msumari huo gunia la mahindi la kilo 100 na ndoo ya maji juu yake. Hakuna mtu atakayeuchomoa kwa vidole, wala kwa koleo la kawaida.

Swali la pili ni mkono unaweza kutoa nini. Kuvuta kwa mkono mmoja kwa nyutoni 150, yaani kilo 15, ni kazi ya kweli lakini mtu mzima anaimudu mara nyingi kwa siku. Mkono umeshika mwisho wa mpini, sentimita 30 kutoka kwenye egemeo. Huo ndio umbali mrefu.

Umbali mfupi sasa. Kwa kuwa kichwa cha msumari kiko juu ya mbao kwa sentimita 2.5, makucha yanalazimika kuinuka ili kukikuta. Yakiinuka, nyundo imekwisha kubingirika kabla hujavuta, na sehemu inayogusa mbao imehama kutoka karibu na ncha za makucha kwenda nyuma, kuelekea kwenye shina la mpini. Ukipima kutoka hapo hadi kwenye msumari unapata karibu sentimita 5. Nyundo zinatofautiana, lakini kwa nyundo nyingi za makucha yaliyopinda tarakimu haitakuwa mbali sana na hiyo.

Mara 150 kwa 30, gawanya kwa 5: nyutoni 900. Msumari unataka 1,160. Hautoki. Kijana wetu hana upungufu wowote wa nguvu. Amepungukiwa nyutoni 260 kwenye msumari. Ili azipate kwa kukaza tu, itabidi avute kwa kilo zaidi ya 19. Atafanikiwa kwa msumari huu, lakini jioni bega lake litakuwa na la kusema, na msumari mwingine wa aina hiyo unamsubiri hatua moja mbele.

Weka kibao chenye unene wa sentimita 2 na kidogo chini ya kichwa cha nyundo, kikiwa kimegusa msumari kabisa. Sasa nyundo inaanza kana kwamba msumari umezama hadi karibu na kichwa. Makucha yamelala, mpini umesimama, na egemeo limerudi karibu na msumari, sentimita 2.5 tu. Mara 150 kwa 30, gawanya kwa 2.5: nyutoni 1,800. Mkono ni uleule, mpini ni uleule. Kwa kweli huhitaji hata hizo 150. Nyutoni 97, chini kidogo ya kilo 10, zinatosha kuuanzisha msumari.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Tulipunguza umbali mfupi kwa sentimita 2.5 na nguvu ikazidi mara mbili. Kama tungetaka faida hiyohiyo upande wa mkono, tungelazimika kurefusha mpini kutoka sentimita 30 hadi 60. Upande mmoja umefanya kwa upana wa vidole viwili kile ambacho upande wa pili ungekifanya kwa urefu wa nyundo nzima ya ziada. Ndiyo sababu napenda kuwaambia wanaojifunza useremala waangalie chini ya kichwa cha nyundo kabla ya kurekebisha mshiko wao.

Ndiyo sababu pia mahali pa kuweka kibao ni muhimu kuliko unene wake. Kibao kinene kilichowekwa mbali, pale chini ya uso wa kugongea, kinainua nyundo vizuri na kuharibu kila kitu kingine, kwa sababu egemeo limesukumwa hadi sentimita 6 au 7 kutoka kwenye msumari. Mtu aliyefanya hivyo anaweza kuvuta kwa shida kuliko asiye na kibao, kisha akashangaa.

Msumari wetu umeanza kusogea. Tuufuate. Unapopanda, sehemu iliyozama inapungua, na kwa kuwa kinachoushikilia ni msuguano wa nyuzi za mbao zilizoubana pande zote, ung'ang'anizi nao unapungua takriban kwa kiasi hichohicho. Ukishatoka sentimita 2, zimebaki 3 ndani, na nguvu inayotakiwa imeshuka hadi karibu nyutoni 700. Mtu angetegemea mkono usikie nafuu. Lakini nyundo nayo imebingirika, egemeo limerudi nyuma, na umbali mfupi umekua tena hadi karibu sentimita 5. Mara 700 kwa 5, gawanya kwa 30: nyutoni 117. Mkono unavuta zaidi kuliko ulipoanza, ingawa msumari umelegea. Nimewasikia mafundi wakisema msumari "umekaza katikati". Haujakaza. Nyundo ndiyo iliyopoteza nafasi yake.

Dawa ni kutolazimisha. Rudisha mpini, ongeza kibao cha pili juu ya cha kwanza, shika msumari upya. Umbali mfupi ukirudi kuwa 2.5, nyutoni 58 zinatosha, chini ya kilo 6. Faida ya pili ni kwamba msumari hautapinda. Kichwa cha msumari kinafuata njia ya duara la makucha, huku mwili wake ukitaka kutoka wima. Kadiri unavyoizungusha nyundo mbali bila kubadilisha kibao, ndivyo unavyousukuma msumari pembeni. Msumari uliopinda unapanua tundu, unapasua ukingo wa mbao, na wenyewe haunyooki tena sawasawa. Mwenye kutaka kuokoa mbao na misumari pia abadilishe vibao mapema.

Nyundo haikupi kitu bure. Ili msumari upande hizo sentimita 2, mkono umesafiri karibu sentimita 16. Unabadilisha mwendo kuwa nguvu, na ukitaka nguvu zaidi utalipa kwa kurudia mvuto mara nyingi zaidi. Kwa misumari ni malipo ya haki, maana mkono una nafasi ya kutosha ya kusafiri.

Kuna kosa moja la upande wa mkono ambalo linafaa kutajwa. Umbali mrefu hauhesabiwi kwa urefu wa mpini. Unahesabiwa kwa jinsi mstari wa mvuto unavyopita mbali na egemeo. Ukivuta ukiwa umekata pembe mraba na mpini, unapata sentimita zote 30. Ukiwa umesimama vibaya, ukavuta kwa mshazari nusu kuelekea juu na nusu kuelekea kwako, pembe ya nyuzi 45, unapoteza karibu theluthi: zinabaki sentimita 21 zinazofanya kazi. Na mpini unapolala, mkono nao ubadili mwelekeo. Ulioanza kwa kuvuta kuelekea kwako umalizie kwa kukandamiza chini. Aliyeushika mpini katikati amekwisha kugawa hesabu yake kwa mbili kabla ya kuanza. Watoto hushika hapo kwa sababu nyundo ni nzito kuinua, na ndiyo maana wanaona kung'oa msumari ni kazi ya miujiza.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mbao iliyo chini ya egemeo. Msumari unaivuta nyundo chini kwa nyutoni 1,160, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoisukuma juu kwa nguvu hiyohiyo, la sivyo nyundo ingezama. Kitu hicho ni mbao, na inabeba kilo 116 kwenye mstari mwembamba wa chuma. Paina haivumilii. Inabonyea, na alama ya mgongo wa nyundo inabaki hapo milele. Kwenye mbao za zege si neno, lakini kwenye mlango au kabati ni hasara. Kibao husambaza mzigo huo, hasa kikiwa cha mti mgumu. Kuna dalili ya kuangalia: mpini ukienda na msumari ukabaki palepale, tazama egemeo. Huenda nguvu yako yote inaishia kuibonyeza mbao.

Mbao hiyo inafanya kazi nyingine tena. Mkono unavuta kwa mlalo, kwa hiyo nyundo inataka kuteleza kuelekea kwako, na kinachoizuia ni msuguano kwenye egemeo. Bila kibao, mkono unavuta sehemu moja ya sita ya uzito uliolala hapo. Ukiwa na kibao karibu na msumari ni sehemu moja ya kumi na mbili. Nyundo iliyokaa vizuri, kwa hiyo, ni ngumu zaidi kuteleza. Ukiona inateleza wakati mbao si mbichi wala haina mafuta, mara nyingi hesabu ya umbali mfupi imekwisha kuharibika.

Mipaka ya nyundo iko shingoni, pale mpini unapoingia kichwani. Mkono unapovuta, mpini unapinda, na upindaji ni mkubwa zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Tatizo hili lilimfanya mhunzi David Maydole, wa mji wa Norwich katika jimbo la New York, miaka ya 1840, atengeneze nyundo yenye tundu lililorefushwa kama shingo, ili mpini ushikwe kwa urefu zaidi na usichomoke. Nyundo nyingi za makucha tunazonunua leo bado zina shingo ya aina hiyo. Lakini hata hiyo ilikusudiwa kubeba mkono wa mtu. Anayechomeka bomba la chuma kwenye mpini ili aurefushe anaongeza mzigo shingoni kwa kiasi kilekile anachoongeza kwenye msumari. Mpini wa mti hupasuka kufuata nyuzi zake, na kichwa cha nyundo kinaruka. Usifanye hivyo. Kila unachokitafuta kwa bomba kinapatikana kwa kibao, na kibao hakiongezi hata chembe ya mzigo shingoni, kinaupunguza.

Msumari uliokatika kichwa una njia yake. Makucha yanasukumwa kwa nguvu mpaka kingo zake zinauma mwili wa msumari, kisha mpini unalazwa ubavuni, kushoto au kulia, badala ya kuvutwa nyuma. Egemeo sasa ni ukingo wa ukucha wenyewe, sentimita 1.5 hivi kutoka kwenye msumari. Mara 150 kwa 30, gawanya kwa 1.5, unapata nyutoni 3,000. Ni nguvu kubwa kuliko zote ambazo nyundo hii inaweza kutoa, lakini kila mlalo unauinua msumari kidogo sana, na inabidi uume upya chini zaidi, mara kushoto, mara kulia. Makucha butu hayaumi. Yatachubua msumari na kuteleza juu yake.

Misumari iliyokaa miaka mingi haifuati kanuni ya Madison bila marekebisho, kwa kuwa kanuni ile ni ya msumari uliopigwa karibuni. Uliopigwa kwenye mbao mbichi ambayo baadaye ilikauka hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake, na huo hutoka kwa mkono mwepesi. Wenye kutu ni kinyume: kutu inaufanya mwili wake uwe na makwaruzo yanayoshika nyuzi. Huo upige kwanza nyundo moja au mbili kuelekea ndani. Inaonekana kama kurudi nyuma, lakini pigo linakata mshiko wa kutu, na mvuto unaofuata unakutana na msumari ambao tayari umeshasogea.

Na kwa mti mzito hesabu inabadilika haraka, kwa sababu ile G imepandishwa kipeo cha 2.5. Chukua msumari uleule, kina kilekile, kwenye mbao yenye uzito wa 0.6, kama mvule au mninga unavyoweza kuwa. Nguvu inayotakiwa inaruka kutoka 1,160 hadi karibu nyutoni 2,830. Hata kwa kibao kilichokaa vizuri, mkono utalazimika kuvuta nyutoni 236, karibu kilo 24, na shingo ya mpini wa mti italalamika. Hapo weka nyundo chini, uchukue mtaimbo mdogo wenye makucha. Urefu wake wa sentimita 60, na egemeo likiwa sentimita 3 kutoka kwenye msumari, unashusha mvuto hadi nyutoni 142, na hauna shingo ya kuvunjika. Kibao bado kinahitajika chini yake, na kiwe cha mti mgumu, maana kilo 283 zitakikalia.